Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: always na usually zinakaa wapi kwenye sentensi

Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa sana kuhusu haya maneno mawili, always na usually. Nimesahihisha kazi za watu wengi wanaojifunza Kiingereza wakitokea kwenye Kiswahili na karibu wote wanateleza sehemu zilezile. Maana ya maneno wanaijua vizuri kabisa, shida ni nafasi tu, yaani neno likae kabla ya kitenzi au baada yake. Ntaanza na kanuni, alafu nakaa sana kwenye "huwa" yetu maana humo ndo makosa mengi yanapozaliwa.

Kanuni yenyewe ni ipi?

Kama sentensi ina kitenzi cha kawaida, kama vile eat, go, work, call, sleep, basi always inakaa kabla yake: "She always works at night." Kama kitenzi ni be, yaani am, is, are, was au were, always inakaa baada yake: "She is always at home." Na kama kuna kitenzi kisaidizi, mfano will, can, should, has, always inakaa baada ya hicho kisaidizi: "She will always help you." Vikiwa visaidizi viwili au zaidi, inakaa baada ya kile cha kwanza: "They should always be told."

Usually inafuata njia hiyohiyo. "She usually works at night", "She is usually at home", "She can usually help you."

Mbona be imepewa sheria yake peke yake?

Hili swali nalipenda kwasababu ukishaelewa jibu lake huhitaji kukariri kanuni tatu, inabaki moja.

Angalia Kiingereza kinavyotengeneza swali. "She is late" inageuka kuwa "Is she late?", is yenyewe inaruka inaenda mwanzo. "She will come" inakuwa "Will she come?", will imeruka. Lakini "She works" haiwezi kuwa "Works she?", lazima aitwe do aje kusaidia: "Does she work?" Na kwenye kukanusha ni hivyohivyo, is inabeba not yenyewe, "She is not late", will inabeba yenyewe, "She will not come", lakini works haiwezi, inabidi iwe "She does not work."

Kwahiyo be, hata ikiwa peke yake kwenye sentensi, inafanya kazi kama kisaidizi. Imekaa kwenye kiti cha visaidizi, kile kiti cha karibu na mtenda. Na always na usually zinakaa nyuma ya hicho kiti, mlemle not inamokaa. Hapo ndo unapata kipimo kimoja cha kutumia kila mahali: ikanushe sentensi kichwani, tazama not imekaa wapi, alafu toa not uweke always. "He is not angry" inakupa "He is always angry." "I have not lived here" inakupa "I have always lived here." "We can not park here" inakupa "We can usually park here." Na ikiwa ilibidi uite do au does ili kukanusha, basi ukitoa not muache na do aende zake, alafu kitenzi kirudishiwe mwisho wake: "She does not work" inakupa "She always works."

Kipimo hiki kinashindwa kwenye majibu mafupi, ambayo ntayataja huko chini.

Kwanini kila mara naandika "I am usually go"? Nikisoma baadae naona kabisa ni kosa

Kwasababu kichwani kwako kuna "huwa". Ukitaka kusema kwamba ni kawaida yako kwenda, Kiswahili kinakupa njia mbili. Ya kwanza ni kiambishi hu- kwenye kitenzi chenyewe, "mimi huenda". Ya pili, ambayo ndo tunaitumia sana kwenye maongezi, ni "huwa naenda". Sasa hiyo huwa ni nini? Ni hu- ileile imekaa juu ya kitenzi kuwa, na kuwa kwa Kiingereza ni be. Kwahiyo akili inatafsiri kipande kwa kipande bila wewe kujua, huwa inageuka kuwa "am usually", naenda inageuka kuwa "go", na mkononi inatoka "I am usually go."

Tatizo ni kwamba huwa yetu kwenye sentensi hiyo haisemi "ni", inasema tu kwamba hili jambo ni mazoea. Kazi hiyo yote kwa Kiingereza inafanywa na usually peke yake ikisaidiwa na wakati uliopo wa kawaida. Kwahiyo huwa nzima inageuka kuwa usually, basi. Am haina pa kukaa.

Huwa naenda: "I usually go." Huwa anapiga simu usiku: "She usually calls at night." Huwa tunaanza saa mbili: "We usually start at eight."

Dalili ya kujikagua ni rahisi. Kama kwenye sentensi yako kuna am, is au are, na baada ya always au usually kinakuja kitenzi kilicho kitupu kama go, wake, work, call, basi am imeingia kimakosa na unaifuta. Be haikai pamoja na kitenzi kitupu. Inakubali chenye -ing, "I am always going", na inakubali kile cha kutendwa, "The door is usually locked", lakini "am go" hapana.

Mimi nina shida ya kinyume, naambiwa nimesahau is. Niliandika "She always late"

Ni shida ya kinyume ndiyo, lakini mzizi wake unafanana. Kiswahili kinasema "anachelewa", neno moja, kitenzi kamili chenye mtenda na wakati ndani yake. Kwahiyo ukifika kwenye late unaihisi kama ndo kitenzi, unaweka always kabla yake kama kanuni ilivyosema na unaona umemaliza. Lakini late kwenye Kiingereza ni sifa, kama vile refu au zuri, haiwezi kusimama kama kitenzi na inahitaji be iibebe. "She is late." Ukishaweka is ndo unatafuta nafasi ya always, na kwa kuwa ni be, always inakaa baada yake: "She is always late."

Kuna kundi zima la maneno ya namna hii na ni vizuri kuyajua kwa sura, kwasababu kwetu ni vitenzi na kwao ni sifa. Kuchoka ni be tired. Kuchelewa ni be late. Kushiba ni be full. Kukasirika ni be angry. Kuogopa ni be afraid. Kuumwa ni be sick. Alafu kuna yale tunayosema kwa kuwa na, ana njaa, ana kiu, ana haraka, hayo nayo yanaenda kwa be: "He is always hungry", "He is always in a hurry." Ukifuata Kiswahili hapo utaandika "He always has hungry", nimeiona mara nyingi tu.

Sasa ntajuaje kama neno ni kitenzi au ni sifa? Mbona tired inaishia na -ed kama kitenzi?

Tired inadanganya watu wengi kweli. Jaribu kuliweka neno baada ya can. "I can go", inakubali, kwahiyo go ni kitenzi. "I can sleep", inakubali. "I can late", haikubali, "I can tired", haikubali. Lile linalokubali ni kitenzi na always inakaa kabla yake. Lile linalokataa linataka be, na always inakaa baada ya hiyo be.

Utaona pia kwamba wazo moja la Kiswahili linaweza kutoka kwa njia zote mbili kutegemea umechagua neno gani, na hapo ndo nafasi ya usually inabadilika. Chukua "huwa nachoka jioni". Unaweza kusema "I am usually tired in the evening", hapo unasema hali, kwamba ukinikuta jioni unanikuta nimechoka. Au unasema "I usually get tired in the evening", hapo unasema uchovu unaanza muda huo. Get ni kitenzi cha kawaida kwahiyo usually imerudi kabla yake. Sleep na asleep ni hivyohivyo: "He always sleeps at that time", lakini "He is always asleep at that time." Zote sahihi. Ambacho hakipo ni "He always asleep" na "He is always sleep."

Have inahesabiwa kama be au kama kitenzi cha kawaida?

Inategemea inafanya kazi gani. Kama ina maana ya kuwa na kitu, ni kitenzi cha kawaida na usually inakaa kabla: "I usually have my phone with me." Ukiandika "I have usually my phone with me" umekosea, ingawa naelewa unatoka wapi, maana umeiona have umefikiri ni kisaidizi kama ile ya "have seen".

Kama inaongozana na kitenzi kingine kilicho kwenye umbo la been, seen, lived, hapo ni kisaidizi kweli na always inakaa baada: "I have always liked this place." Kuna sentensi inayozibeba zote mbili kwa pamoja, "I have always had a bad memory", have ya kwanza ni kisaidizi, had ndo kitenzi, always ikakaa katikati.

Have to ya lazima nayo inaenda kama kitenzi cha kawaida: "I always have to wait." Kipimo kinakubali, kwasababu kukanusha unasema "I don't have to wait", umeita do.

Nikitaka kukanusha inakuwaje? Nilimwambia mwalimu "I always don't understand" akanishangaa

Hapa kaa kidogo, ni sehemu ambayo kosa linabadilisha maana kabisa, na msikilizaji anaweza asijue kama umekosea.

Kwa Kiswahili ukisema "siku zote haji" unamaanisha hajawahi kuja hata siku moja, kila siku ni ya kutokuja. Unaichukua neno kwa neno, unapata "He always doesn't come." Mtu anayekisikia Kiingereza toka utotoni ataielewa kwa shida, maana kwa wazo hilo wao wana neno never: "He never comes." Never tayari ina kukanusha ndani yake kwahiyo haitaki doesn't, na inakaa palepale pa always, kabla ya kitenzi cha kawaida na baada ya be: "He is never here."

Alafu mtu akisahihishwa kwamba always haikai kabla ya doesn't, anaisogeza tu mbele anapata "He doesn't always come." Sentensi hii ni sahihi kabisa kwa sarufi lakini maana imeshahama. Inasema si kila mara anakuja, yaani kuna siku anakuja na kuna siku haji. Kama wewe ulitaka kusema haji kabisa, umemtetea mtu bila kukusudia! Kwahiyo kabla hujaandika jiulize kwanza: hata mara moja haji? Tumia never. Kuna siku anakuja na siku nyingine haji? Tumia "doesn't always". Yule aliyesema "I always don't understand", kama somo lote halimwingii alitakiwa aseme "I never understand", na kama yapo anayoelewa na mengine hayaelewi, "I don't always understand."

Usually haina hatari hii. "He doesn't usually come" na "He usually doesn't come" zote zinasema kwa kawaida haji, tofauti yake ni ndogo mno na zote utazisikia. Na be pia, "She isn't usually late" au "She usually isn't late", sawa. Ila ya kwanza ndo inafuata kipimo chetu na mimi nakushauri uizoee hiyo.

Kwenye swali zinakaa wapi?

Baada ya mtenda, mara zote. Be au kisaidizi kinaruka kwenda mwanzo, always inabaki ilipokuwa. "She is always late" inakuwa "Is she always late?" Kosa ninaloliona ni "Is always she late?", always imemfuata is kama mkia. Iache ikae. Na kwa kitenzi cha kawaida: "Do you usually walk?", "Where do you usually sit?", "Why does he always shout?"

Nikishaweka always, bado natakiwa kuweka -s?

Ndiyo. Always haigusi kitenzi. "The bus comes late", "The bus always comes late." Watu wanasahau -s kwasababu kati ya mtenda na kitenzi kumeingia neno na masikio yanapoteza uhusiano. Ukimaliza kuandika, ruka always kwa macho usome sentensi bila hiyo, ukipata "the bus come" utaliona kosa saa hiyohiyo.

Naweza kuanza sentensi na usually? Na always je?

Usually unaweza, "Usually I take the bus" ni sentensi nzuri, na mara nyingi inafaa ukiwa unataka kulinganisha, kawaida nafanya hivi ila leo nimefanya vile: "Usually I take the bus, but today I walked." Always huwezi kwenye sentensi ya maelezo. "Always I take the bus" ni ule mpangilio wetu wa "siku zote mimi napanda basi" umevaa nguo za Kiingereza. Irudishe ndani, "I always take the bus."

Mwishoni usually inaweza kuja kwenye maongezi, "I take the bus, usually", kama mtu anayekumbuka kuongezea. Always ikikaa mwishoni mara nyingi inageuka kuwa milele, "I will love you always", na hapo si mazoea tena.

Sehemu ambayo hazikai kabisa ni kati ya kitenzi na kile kinachotendewa. "I take always the bus" hapana, "She reads usually the news" hapana. Kitenzi na kitu chake hawapendi kutenganishwa. Na "every day" usiichanganye na always hata kama zote unazitafsiri kila siku, yenyewe nyumbani kwake ni mwishoni, "I take the bus every day", au mwanzoni ukipenda. "I every day take the bus" ndo ile isiyokubalika.

Nimesikia mwenyeji wa Kiingereza akisema "She always is late" na mwingine "I always am". Wao wamekosea?

Hapana, na hizi ni kesi mbili tofauti.

"I always am" ni jibu fupi. Mtu anauliza "Are you tired?", wewe unajibu "I always am." Neno tired limekatwa kwasababu limeshasemwa, na Kiingereza hakipendi kumaliza sentensi na always ikiwa imening'inia baada ya be, kwahiyo always inasogea kabla na am inabaki mwisho ikitamkwa kwa uzito. "Is he at home? He usually is." "Can she help? She always can." Hii ndo sehemu ambayo kipimo cha not kinashindwa. Na hapo be haifupishwi, huwezi kuiandika kwa apostrofi, ni "he usually is" kwa urefu wake.

"She always is late" ni suala la msisitizo, sauti inaangukia kwenye is kama mtu anayethibitisha kitu kilichobishiwa. Wamarekani wanaitumia kidogo zaidi ya Waingereza. Ukiisikia ielewe. Kuiandika kwenye mtihani au kwenye barua ya kazi mimi sikushauri, maana kwenye maandishi sauti haisikiki na msahihishaji ataona kosa tu.

Mbona tunasema "Always be careful"? Si always inatakiwa ikae baada ya be?

Swali zuri, lakini hapa kipimo cha not hakijashindwa. Hiyo ni amri. Kwenye amri be iko kwenye umbo lake tupu, haijawa am wala is, na haina mtenda anayeonekana. Hapo inakaa kama kitenzi kingine chochote, ndo maana hata kuikanusha unasema "Don't be late", umeita do. Kwahiyo always inaenda mwanzo: "Always be careful", "Always lock the door." Usually kwenye amri haiingii, huwezi kumwamuru mtu kwa kawaida.

Be tupu utaikuta pia baada ya kisaidizi, "He will always be my friend", hapo always iko kabla ya be na watu wanachanganyikiwa, lakini kanuni haijavunjwa, always imekaa baada ya will ambayo ndo kisaidizi cha kwanza.

"He always calls me" na "He is always calling me" zina tofauti?

Kwa nafasi zote sahihi, moja ina kitenzi cha kawaida na nyingine ina be pamoja na -ing. Kwa maana zinatofautiana sana. Ya kwanza inaeleza tu mazoea, mfano akifika anakupigia. Ya pili mara nyingi ina hisia ndani yake, kama sisi tunavyosema "kutwa kunipigia simu", na mara nyingi ni malalamiko: anapiga kupita kiasi. Kwahiyo ukimwandikia mtu unayemheshimu "You are always helping me" ukitaka kumshukuru anaweza akaelewa kwa muktadha, lakini "You always help me" ndo salama.

Usually na -ing haina malalamiko. "At eight I am usually driving" maana yake ikifika saa mbili unanikuta tayari niko njiani naendesha.

Unaweza kusahihisha mfano mzima tuone unavyofikiri?

Nimetunga hii nikichanganya makosa ninayokutana nayo:

"I am usually wake up at six. My sister always is asleep at that time. She always tired because she works at night. I have usually a lot of work so I always don't eat in the morning. The bus usually come late. Always I am the last person to arrive."

Sentensi ya kwanza, naona am alafu usually alafu wake, kitenzi kitupu. Wake inakubali can, "I can wake up", kwahiyo ni kitenzi kamili na am ni ile huwa iliyojipenyeza. Nafuta am: "I usually wake up at six."

Ya pili, asleep haikubali can, ni sifa, is inahitajika na ipo. Kilichoharibika ni mpangilio tu. Nakanusha kichwani, "My sister is not asleep", nabadilisha: "My sister is always asleep at that time."

Ya tatu, tired haikubali can, na hakuna be popote. Naweka is kwanza ndo niweke always: "She is always tired because she works at night." Hiyo works ya mwisho iko sawa, haina always wala usually ya kuisumbua.

Ya nne ina mambo mawili. Have hapa ni kuwa na kazi nyingi, ni kitenzi cha kawaida, kwahiyo "I usually have a lot of work". Alafu "I always don't eat" siwezi kuisahihisha bila kumuuliza mwandishi, kwasababu sijui kama asubuhi hali kabisa au kuna siku anakula. Kama hali kabisa: "so I never eat in the morning." Kama kuna siku anakula: "so I don't always eat in the morning." Msahihishaji anayechagua bila kuuliza anaweza akamwandikia mtu maneno ambayo hakuyasema.

Ya tano, naruka usually kwa macho, nabaki na "the bus come late", -s imepotea: "The bus usually comes late." Ingekubalika pia "The bus is usually late", kwa be.

Ya sita, always imekaa mwanzo na sio amri. Naiingiza ndani baada ya am: "I am always the last person to arrive."

Swali dogo la mwisho, ni "as usual" au "as usually"?

"As usual", "He was late, as usual." Ni msemo ulioganda, maana yake kama kawaida. Kwa always ni "as always". Na kinyume chake kipo pia, watu wanaandika "I usual go" kwa kusahau -ly. Kabla ya kitenzi ni usually, "I usually go." Usual inakaa na jina, kama kwenye "my usual seat".